Himoglobini iko sawa lakini miguu haiendi: mwongozo wa upungufu wa chuma kwa wakimbiaji wa mbio ndefu

Msimu ulipoanza, dada mmoja ninayemfundisha alikuwa akikimbia kilomita 8 za kasi kwa dakika 4 na sekunde 20 kila kilomita, mapigo ya moyo yakiwa 165 kwa dakika. Miezi minne baadaye, njia ile ile, mapigo yale yale 165, saa yake ilisoma dakika 4 na sekunde 42. Hakuwa na homa, hakuwa na jeraha, alilala vizuri. "Kocha," aliniambia, "nikianza najisikia sawa, ila nikifika kilomita ya tatu miguu ni kama imejaa mchanga."

Nilimpumzisha wiki mbili. Aliporudi, hakuna kilichobadilika. Akaenda kupima damu, akapimwa himoglobini peke yake, ikatoka gramu 12.4 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito mstari wa upungufu wa damu ni 12, kwa hiyo akaambiwa damu ipo ya kutosha, tatizo labda ni uchovu wa kawaida. Wiki sita zaidi zikapotea hapo. Hali hii ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu huwapata wakimbiaji wengi na huwapita wapimaji wengi: chuma kimekwisha ghalani, lakini kipimo cha himoglobini bado kinasema mambo ni mazuri.

Chuma kinakaa wapi, na kwa nini himoglobini hushuka mwisho

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini. Karibu theluthi mbili ziko ndani ya himoglobini, zikibeba oksijeni. Sehemu ndogo iko kwenye misuli, ambako chuma husaidia kutunza oksijeni na kuendesha vinu vidogo vya nishati ndani ya seli. Kinachobaki ni akiba, nayo hukaa kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa, ikiwa imefungwa ndani ya protini iitwayo feritini.

Feritini kidogo huvuja kutoka ghalani na kuingia kwenye damu, na kiasi kinachovuja hufuata ukubwa wa akiba. Kwa makadirio, kila maikrogramu 1 ya feritini katika lita moja ya damu inawakilisha takriban miligramu 8 za chuma kilichohifadhiwa. Mwenye feritini 40 ana akiba ya kama miligramu 320. Mwenye 9 ana miligramu 70 hivi, karibu na sakafu ya ghala.

Chuma kinapopungua, mwili huanza kwa kula akiba ili himoglobini isiguswe, kwa hiyo feritini hushuka kwanza. Ghala likikaribia kukauka, chuma kinachosafirishwa ndani ya damu nacho hupungua, na seli nyekundu mpya hutengenezwa kwa shida. Himoglobini huvuka mstari baada ya hayo yote. Anayepima himoglobini peke yake anatazama hatua ya mwisho ya safari ndefu.

Mkimbiaji anakipoteza vipi

Sababu ziko kadhaa, na uzito wake haufanani.

Kwa mwanamke, hedhi huwa juu ya zote. Kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Hedhi ya kawaida hutoa mililita 30 hadi 40. Ikifika 80 tunasema ni nzito, na hapo karibu miligramu 40 za chuma huondoka kwa mwezi. Hakuna anayepima kwa mililita nyumbani, lakini dalili zinajulikana: kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, kuamka usiku kubadilisha, kutoa mabonge makubwa, kwenda zaidi ya siku saba. Nikiwa kocha mwanamume nilichelewa kuuliza maswali haya kwa sababu ya aibu, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mwanafunzi wangu msimu.

Ya pili ni tumbo. Katika mbio ndefu damu huelekea kwenye misuli na ngozi, utumbo hubaki na damu kidogo, na ukuta wake unaweza kuchubuka na kuvuja matone ambayo macho hayayaoni kwenye choo. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huzidisha uvujaji huo. Mkimbiaji anayemeza kidonge cha maumivu kabla ya kila mbio ndefu anaongeza mlango mwingine wa kupotezea chuma.

Kisha kuna kile kinachoitwa kupasuka kwa seli za damu kwenye nyayo. Mguu unapogonga ardhi maelfu ya mara, baadhi ya seli nyekundu hupasuka. Jambo hili husimuliwa sana, lakini chuma kingi kutoka kwenye seli hizo mwili hukiokota na kukitumia tena. Ni kiasi kidogo tu kinachotoka na mkojo. Jasho nalo hubeba chuma, ila kidogo.

Sababu ya mwisho ndiyo inayowatenga wakimbiaji na watu wengine. Ini hutengeneza homoni iitwayo hepsidini, ambayo kazi yake ni kufunga mlango ambao chuma hupitia kutoka kwenye seli za utumbo kuingia kwenye damu. Baada ya mazoezi magumu mwili hutoa ishara za uvimbe, ini huzisikia, na hepsidini hupanda, ikifika kileleni kama saa 3 hadi 6 baadaye. Chakula kizuri kilicholiwa saa hizo hutoa chuma kidogo kuliko kilivyopaswa. Mwenye kufanya mazoezi mara mbili kwa siku anaweza kuishi na mlango huo ukiwa umefungwa nusu muda mrefu.

Tukipiga hesabu ya yule dada, picha inajitokeza. Kila mtu hupoteza takriban miligramu 1 ya chuma kwa siku kwa ngozi na utumbo kujivua seli. Hedhi yake nzito iliongeza kama miligramu 1.3 kwa siku ukiigawa mwezi mzima. Chakula chake kilikuwa na miligramu 12 hivi kwa siku, nyingi kutoka kwenye mimea, na utumbo huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya mchanganyiko kama huo, yaani miligramu 1.2. Aliingiza 1.2, akatoa 2.3. Pengo la miligramu 1.1 kwa siku ni 33 kwa mwezi, sawa na kushuka kwa nukta 4 za feritini. Aliyeanza na 40 hufika chini ya 10 kwa miezi minane. Ni makadirio, kwa kuwa mwili hujitahidi kunyonya zaidi akiba inapopungua, lakini yanaonyesha jinsi mtu anavyoweza kukauka bila kuugua siku hata moja.

Hatua ya kwanza: soma dalili kwenye daftari la mazoezi

Mwenye upungufu huu haonekani mgonjwa. Kupauka kwa macho na viganja huja baadaye, himoglobini ikishashuka. Kabla ya hapo, ushahidi uko kwenye namba za mazoezi yako.

Tazama kasi yako kwenye njia unayoijua, kwa mapigo ya moyo yale yale. Ikiwa umepungua sekunde 10 au zaidi kila kilomita kwa wiki tatu au nne mfululizo, wakati joto, usingizi na ukubwa wa mazoezi havijabadilika, shuku chuma. Angalia pia mahali unapoanguka. Kukimbia kwa starehe mara nyingi hubaki sawa, kinachovunjika ni mwendo wa kasi unaoshikiliwa dakika 20 hadi 40. Vilima unavyovijua vinaanza kukukata pumzi. Misuli inauma siku tatu badala ya moja.

Nje ya mazoezi kuna dalili ambazo watu huziona aibu kuzitaja: hamu isiyozuilika ya kutafuna barafu au kula udongo, miguu inayotaka kuchezacheza usiku hadi usingizi unakimbia, nywele kudondoka kuliko kawaida, kucha laini zinazovunjika, mikono baridi. Hamu ya barafu ikitokea kwa mkimbiaji mwenye uchovu, mimi humwambia akapime wiki hiyo hiyo.

Uchovu peke yake hautoshi kukuhukumu. Kula kidogo kuliko unachokichoma, kuzidisha mazoezi, matatizo ya tezi ya shingo na maambukizi yanayojificha huleta uchovu unaofanana. Ndiyo maana tunapima, na hatumezi vidonge kwa kubahatisha.

Hatua ya pili: jua lini upime

Pima mara moja ukiwa na dalili nilizozitaja. Bila dalili, utaratibu ninaoufuata ni huu: mwanamume asiye na historia ya upungufu, mara moja kwa mwaka. Mwanamke, mtu asiyekula nyama au aliyewahi kupungukiwa, kila miezi sita. Anayetibiwa au aliyetoka kutibiwa, kila miezi mitatu hivi. Anayepanga kwenda kufanya mazoezi kwenye milima mirefu apime wiki 6 hadi 8 kabla, kwa kuwa huko mwili unataka kutengeneza seli nyekundu nyingi, na bila chuma safari hiyo haileti faida. Aliyechangia damu naye ajihesabu: chupa moja ya mililita 450 huondoka na zaidi ya miligramu 200 za chuma, ambazo kwa wakimbiaji wengi ni zaidi ya nusu ya akiba.

Usisubiri mzunguko wa kupima, nenda hospitali haraka, ukiona choo cheusi kama lami wakati humezi vidonge vya chuma, damu kwenye choo, kuzimia, maumivu ya kifua, au kukosa pumzi ukiwa umekaa. Mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawia baada ya mbio nao unahitaji daktari, hasa usiposafika ndani ya siku mbili.

Hatua ya tatu: jiandae kwa kipimo, la sivyo kitakudanganya

Hapa ndipo majibu mengi huharibika. Feritini hupanda mwili unapopambana na uvimbe au maambukizi, hata kama ghala ni tupu. Mtu aliyekimbia marathoni Jumapili akapima Jumatatu anaweza kuonyesha feritini 45 ilhali yake halisi ni 20. Mwenye mafua au malaria hivyo hivyo.

Pima asubuhi, ukiwa umepumzika angalau siku moja bila mazoezi magumu, na baada ya mbio kubwa subiri siku kadhaa. Kama ulikuwa na homa, acha wiki mbili zipite. Kunywa maji ya kawaida. Usimeze kidonge cha chuma asubuhi hiyo. Na tumia maabara ile ile kila mara, kwa sababu mashine hutofautiana.

Omba vipimo vinne kwa majina: picha kamili ya damu, ambayo ndani yake utaona Hb, yaani himoglobini, na MCV, yaani ukubwa wa wastani wa seli nyekundu; feritini; kiwango cha transferini iliyojaa chuma, transferini ikiwa protini inayosafirisha chuma ndani ya damu; na CRP, ambayo hufichua uvimbe. Ikiwa fedha zinatosha kipimo kimoja tu zaidi ya himoglobini, chagua feritini.

Hatua ya nne: yasome majibu

Feritini huandikwa kwa maikrogramu kwa lita au nanogramu kwa mililita, na namba ni ile ile kwa vyote viwili. Karatasi za maabara mara nyingi huonyesha kiwango cha kawaida kuanzia 10 au 15, na Shirika la Afya Duniani hutumia 15 kama mstari wa mtu mzima mwenye afya. Mstari huo unasema ghala limekauka. Wanaowahudumia wanariadha huanza kuchukua hatua mapema zaidi, feritini ikiwa chini ya 35, kwa sababu aliyefika hapo huku anaendelea na mazoezi makali anaelekea chini.

Chini ya 35, na transferini na himoglobini zikiwa sawa, akiba inapungua. Chini ya 20, na transferini iliyojaa ikiwa chini ya asilimia 16, chuma hakitoshi tena kwa kazi ya kila siku, na hapo ndipo wakimbiaji wengi huona kasi ikipotea hata kama himoglobini haijavuka mstari. Chini ya 12 pamoja na himoglobini iliyoshuka ni upungufu wa damu kamili. CRP ikiwa juu, usiiamini feritini. Rudia kipimo baadaye.

Kuna mtego wa upande wa pili. Mazoezi ya mbio ndefu huongeza maji ya damu, hivyo himoglobini husomeka chini kidogo ingawa seli hazijapungua. Mkimbiaji mwenye himoglobini iliyoshuka kidogo, feritini 60 na MCV ya kawaida huenda hana upungufu wowote wa chuma, na vidonge havitamsaidia. Kwa hiyo linganisha na majibu yako mwenyewe ya zamani. Yule dada alikuwa na himoglobini 13.6 mwaka uliotangulia. Iliposomeka 12.4 ilikuwa juu ya mstari wa watu wote, lakini chini ya mstari wake. Tulipopima feritini ikatoka 9, transferini iliyojaa asilimia 13, MCV 81, CRP kawaida.

Hatua ya tano: tafuta tundu kabla ya kujaza

Daktari alimuuliza kuhusu hedhi na vidonge vya maumivu. Akakiri kwamba alikuwa akimeza diklofenaki karibu kila siku kwa ajili ya ugoko. Diklofenaki ikasimamishwa, akapelekwa kwa daktari wa wanawake.

Kwa mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, mazoezi yasiwe kisingizio. Feritini ya chini kwao inahitaji kuchunguza tumbo na utumbo: vidonda, vijidudu vya tumboni, uvimbe, na minyoo ya safura inayonyonya damu taratibu.

Hatua ya sita: rudisha chuma kwa mpango

Chakula peke yake hulinda akiba iliyopo, lakini ghala lililokauka hulijaza polepole mno. Nyama nyekundu, maini na samaki hutoa chuma kinachonyonywa kwa urahisi. Kile cha kunde na mboga za majani hunyonywa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C. Chai na kahawa hukizuia, kwa hiyo ziwe mbali na mlo, saa moja kabla au saa mbili baada.

Vidonge viandikwe na daktari. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 65. Soma kiasi hicho cha chuma, si uzito wa kidonge. Kumeza vidonge vitatu kwa siku ni desturi ya zamani: dozi moja hupandisha hepsidini, na zinazofuata hukuta mlango umefungwa huku tumbo likiumia. Mara nyingi dozi moja siku moja, kisha kuruka siku, hunyonywa vizuri zaidi na kufunga choo kidogo. Imeze asubuhi, kabla ya mazoezi au ndani ya nusu saa baada ya kukimbia kwa wepesi, hepsidini ikiwa haijapanda. Maji au juisi ya chungwa inafaa. Maziwa na vidonge vya kalsiamu viwe saa nyingine. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni la kawaida ukiwa kwenye dawa.

Pima tena baada ya wiki 8. Feritini isipopanda hata kidogo, uliza kwa mpangilio: vidonge vinamezwa kweli? Vinamezwa na chai? Damu bado inapotea? Utumbo unanyonya? Hapo daktari anaweza kufikiria chuma cha kuingizwa kwenye mshipa. Mwanariadha anayepimwa dawa zilizokatazwa ajue kwamba kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa hizo michezoni, zinakataza kuingiziwa zaidi ya mililita 100 kwenye mshipa ndani ya saa 12 nje ya matibabu halali ya hospitali na bila kibali, hata kama kilichomo ni chuma tu.

Usiendelee kumeza baada ya akiba kurudi. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, na wapo watu waliorithi hali ya kukirundika hadi kikaharibu ini na moyo. Aliye na feritini nzuri haongezi kasi kwa kuongeza chuma. Na vidonge viwekwe mbali na watoto kabisa, kwa sababu vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Yule dada alimeza kidonge kimoja kila baada ya siku moja. Wiki sita za kwanza tuliondoa mazoezi ya kasi, tukabakiza kukimbia kwa starehe, maana kumlazimisha kulikuwa kunamchosha bila kumjenga. Wiki ya 8 feritini ilikuwa 22 na himoglobini 13.2. Alisema usingizi ulirudi kabla ya kasi, miguu ikaacha kuchezacheza usiku. Wiki ya 15 feritini ilifika 38, hedhi ikiwa imepungua kwa dawa aliyopewa na daktari wa wanawake. Wiki hiyo alikimbia tena zile kilomita 8, mapigo 165, dakika 4 na sekunde 21. Miezi mitatu baadaye, akiwa ameacha vidonge, alipimwa tena kuona kama namba inashikilia. Ilisoma 36.